Usomaji wa wasifu kazi wa mtu anayebadili fani

Usomaji wa wasifu kazi wa mtu anayebadili fani ni kazi ya kutafuta, ndani ya maelezo ya kazi alizowahi kufanya mwombaji, stadi anazoweza kuzitumia katika kazi ya aina nyingine kabisa. Stadi hizo huitwa stadi zinazohamishika. Kazi hii hufanywa na afisa rasilimali watu, mkuu wa idara anayetafuta mtumishi, au jopo la usaili linapoandaa orodha fupi ya watakaoitwa.

Usomaji huu ni tofauti na ule wa kawaida. Mwombaji ambaye tayari yumo katika fani husomwa kwa kulinganisha vyeo, miaka na vyeti. Kwa anayebadili fani mambo hayo matatu hayasemi mengi, kwa sababu cheo chake cha zamani hakimo katika tangazo la kazi na miaka yake aliifanya mahali pengine. Msomaji hulazimika kuuliza mtu huyu alikuwa akifanya nini hasa kila siku, na kama jambo hilo ndilo linalofanywa, kwa jina jingine, katika kazi mpya.

## Asili ya dhana

Swali la kama ujuzi wa kazi moja huhamia kwenye nyingine lilichunguzwa mapema na wanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike na Robert Woodworth. Mwaka 1901 walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba mazoezi ya jambo moja humsaidia mtu katika jambo jingine kwa kadiri mambo hayo mawili yanavyokuwa na sehemu zinazofanana. Kabla ya hapo walimu wengi waliamini kuwa kujifunza somo gumu, kama vile Kilatini, hunoa akili nzima kwa kila kazi. Thorndike na Woodworth hawakuona hivyo. Mafunzo ya kukadiria ukubwa wa maumbo ya aina fulani hayakuwasaidia sana watu kukadiria maumbo ya aina nyingine.

Matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja kwa msomaji wa wasifu kazi. Maneno mapana kama "uongozi" au "utatuzi wa matatizo" hayahami yenyewe kutoka kazi hadi kazi. Kinachohama ni kitendo fulani kilichozoeleka katika mazingira fulani, na huhama vizuri zaidi pale ambapo mazingira mapya yanafanana na ya zamani.

Hatua nyingine ilitoka kwa Wizara ya Kazi ya Marekani, iliyochapisha kamusi ya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1939. Katika matoleo yake ya baadaye kila kazi ilipewa namba, na tarakimu tatu za katikati zilionyesha jinsi mfanyakazi anavyohusika na taarifa, watu na vitu. Mtu aliweza kuona kwamba kazi mbili zenye majina yasiyokaribiana kabisa zinadai kiwango kilekile cha kushughulika na taarifa au na watu. Kamusi hiyo ilifuatwa na hifadhidata ya O*NET, inayoeleza kila kazi kwa shughuli, maarifa na stadi zake. Umoja wa Ulaya una mfumo wake uitwao ESCO, ambao hutenganisha stadi za kazi moja tu, stadi za sekta moja, stadi zinazovuka sekta, na zile zinazotumika karibu kila mahali.

Huko Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi aliyejifunzia gereji au jikoni hupimwa na kupewa cheti. Utaratibu huo unahusu mtu anayebaki katika fani yake, kwa hiyo si sawa na kubadili fani. Lakini wazo lililo chini yake ni lilelile, kwamba ujuzi unaweza kuwepo bila karatasi inayoutaja.

## Kuanza na kazi, si na mwombaji

Kosa la kwanza la wasomaji wengi ni kuufungua wasifu kazi kabla ya kulichambua tangazo. Aliyeanza na wasifu huvutwa na kile kilichoandikwa vizuri, kisha hulitazama tangazo kwa jicho la mwombaji huyo. Kwa sababu hiyo uchambuzi huanza na kazi yenyewe.

Tangazo la kazi mara nyingi huwa na mchanganyiko wa mambo matatu: shughuli za kila siku, sifa zinazodaiwa, na maneno ya mapambo. Msomaji huyaacha mapambo. Kwa kila shughuli iliyobaki huuliza maswali manne. Mtumishi ataamua nini? Ataamua kwa kutumia taarifa gani? Atakuwa na muda kiasi gani? Akikosea, nani ataumia na kwa gharama gani? Majibu hayo hayamo yote katika tangazo. Anayeyajua ni mtu anayeifanya kazi hiyo sasa, au aliyeiacha, na mazungumzo ya nusu saa naye yana faida kuliko kulisoma tangazo mara kumi.

Sifa zinazodaiwa nazo hugawanywa. Nyingine ni za kisheria: daktari, mhandisi au wakili hawezi kufanya kazi bila kusajiliwa na chombo husika, na hakuna stadi ya kuhamishika inayoziba pengo hilo. Nyingine zinahitajika siku ya kwanza kazini. Nyingine zinafundishika katika wiki chache. Na nyingine, zikichunguzwa, zinaonekana ziliandikwa kwa sababu tu mtumishi aliyetangulia alikuwa nazo. Katika utumishi wa umma msomaji hana uhuru mkubwa, kwa kuwa miundo ya utumishi hutaja kiwango na aina ya elimu kwa kila kada. Usomaji unaoelezwa hapa una nafasi zaidi katika kampuni binafsi, mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi.

## Mfano: mtaaluma anayeomba kazi ya kupanga safari za malori

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini kazi zote mbili ni za kawaida.

Kampuni ya usambazaji yenye ghala Dar es Salaam inatafuta mpanga safari. Ina malori 22 na madereva 26, na inapeleka bidhaa kwa mawakala wa Kibaha, Morogoro, Dodoma na Tanga. Kila jioni mpanga safari hupokea oda za kesho yake, anaamua lori gani liende wapi na dereva gani aliendeshe, kisha asubuhi anafuatilia jinsi mpango unavyokwenda. Lori likiharibika au wakala akibadili oda, anapanga upya. Analinganisha hati za mzigo uliotoka ghalani na hati zilizosainiwa na wakala, na kila wiki anaandaa ripoti ya safari na mafuta katika Excel. Tangazo linataka stashahada ya usafirishaji au fani inayokaribiana, na uzoefu wa miaka miwili.

Mmoja wa waombaji ni mwalimu wa sekondari. Wasifu kazi wake una mistari ifuatayo:

* Mwalimu wa Hisabati na Jiografia, kidato cha kwanza hadi cha nne, miaka 9.
* Mtaaluma wa shule kwa miaka 5. Kuandaa ratiba ya masomo ya mikondo 16 yenye walimu 34.
* Kusimamia usajili wa watahiniwa wa kidato cha nne, takribani 200 kila mwaka.
* Katibu wa chama cha akiba na mikopo cha walimu.
* Uwezo mkubwa wa mawasiliano, kujituma na kufanya kazi chini ya shinikizo.

Msomaji anayetafuta neno "usafirishaji" ataiweka karatasi hii pembeni kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Programu za kompyuta zinazochuja maombi kwa maneno zitafanya vivyo hivyo kwa haraka zaidi. Na anayelitafuta kwa kulazimisha anaweza kuangukia somo la Jiografia, akadhani kuwa mwalimu huyu anazijua barabara. Huko ni kufanana kwa maneno tu. Kufundisha usomaji wa ramani na uundaji wa milima hakumfundishi mtu kwamba foleni ya kuingia mjini jioni inaweza kuila saa nzima.

Mstari wenye uzito ni ule wa ratiba. Shule yenye vipindi 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ina vipindi 40 kwa kila mkondo. Kwa mikondo 16 hivyo ni vipindi 640 vya kupangwa, ambavyo vikigawanywa kwa walimu 34 kila mmoja anapata takribani 19. Mwalimu mmoja hawezi kuwa katika madarasa mawili kwa wakati mmoja. Maabara haiwezi kupokea mikondo miwili pamoja. Masomo ya vitendo yanataka vipindi viwili vinavyofuatana. Mwalimu anayekuja kufundisha siku tatu tu lazima vipindi vyake viingie katika siku hizo.

Sasa maneno yabadilishwe. Mahali pa mwalimu awekwe dereva, mahali pa maabara liwekwe lori kubwa ambalo ni machache, na mahali pa mkondo awekwe wakala anayesubiri mzigo. Dereva mmoja hawezi kuwa na malori mawili. Lori moja haliwezi kwenda Tanga na Dodoma kwa wakati mmoja. Dereva aliyerudi usiku lazima apumzike. Fumbo ni lilelile: kugawa vitu vichache kwa mahitaji mengi, kwa masharti yasiyovunjika na mengine yanayoweza kulegezwa kidogo. Aliyelifumbua kwa miaka mitano ameshazoea kujua ni sharti lipi lianze kupangwa, kwani wapangaji wazoefu huanza na kilicho kigumu zaidi kuhamishika na kuacha vyepesi mwisho.

Mstari wa usajili wa watahiniwa nao una maana iliyojificha. Jina la kila mtahiniwa lazima lifanane na kumbukumbu zake, masomo aliyochagua yaingizwe sawasawa, na tarehe ya mwisho haisogei. Kosa moja hugunduliwa wakati wa cheti, likiwa limeshakuwa mzigo kwa mtoto wa mtu. Tabia ya kulinganisha karatasi mbili mstari kwa mstari ndiyo inayohitajika kwenye hati za mizigo, ambako tofauti ya kreti kumi kati ya kilichotoka na kilichopokelewa lazima ionekane siku hiyohiyo na si mwisho wa mwezi.

Mstari wa mwisho, wa kujituma na shinikizo, hausemi kitu. Msomaji hauhesabu kama ushahidi wala hauhesabu kama dosari, kwa sababu waombaji karibu wote wameambiwa waandike hivyo.

### Kile ambacho hakikuandikwa

Ratiba ya shule hutengenezwa mara chache kwa mwaka, kwa siku kadhaa, na mtengenezaji anaweza kuifuta na kuanza tena. Mpango wa safari hutengenezwa kila jioni kwa saa mbili, na ukishaanza kutekelezwa hauna kifutio. Fumbo limehama, lakini mwendo wake haukuhama. Pengo hili ni kubwa kuliko la stashahada, na msomaji asiyelitambua atamwajiri mtu anayepanga vizuri sana na kuchanganyikiwa saa mbili asubuhi.

Hata hivyo wanaozijua shule wanajua kwamba ratiba ni nusu tu ya kazi ya mtaaluma. Kila asubuhi kuna mwalimu anayeumwa, mwingine ameitwa wilayani, wa tatu amefiwa. Vipindi vyao lazima vizibwe kabla ya kengele, kwa walimu waliopo, bila kumwonea mmoja kila siku. Hiyo ndiyo kazi ya lori lililoharibika. Mwombaji hakuiandika, pengine kwa sababu aliiona kuwa ni kero na si ujuzi.

Jambo hili hutokea mara nyingi kwa wanaobadili fani. Huandika kile ambacho fani yao ya zamani inakiheshimu, na kuacha kile ambacho fani mpya inakitafuta. Mwalimu huandika ufaulu wa wanafunzi, muuguzi huandika idadi ya wagonjwa, mpishi wa hoteli huandika vyakula anavyoviweza. Muuguzi haandiki kwamba alikuwa akikabidhi wodi kwa zamu inayofuata bila kusahau dawa ya mtu. Mpishi haandiki kwamba alikuwa akikisia kila siku nyama ya kuagiza ili isibaki wala isipungue. Kwa hiyo msomaji anayejua kidogo kuhusu kazi ya zamani ya mwombaji huona zaidi ya mwenye kujua kazi mpya peke yake. Asipoijua, simu moja kwa mtu wa fani ile inatosha.

### Watu

Tangazo linasema mpanga safari atawasiliana na madereva. Kwa haraka inaonekana kwamba mwalimu aliyezoea kuongoza darasa la wanafunzi 50 hatashindwa na madereva 26. Ulinganisho huu si sahihi. Mwanafunzi anamtii mwalimu kwa sababu ya nafasi yake. Dereva ni mtu mzima, mara nyingi mwenye umri mkubwa kuliko mpanga safari, na mpango ukibadilika mfuko wake unaguswa, kwa kuwa safari ndefu ina posho kubwa kuliko ya Kibaha. Malalamiko ya "fulani anapewa Dodoma kila wiki" ni sehemu ya kazi ya kila siku.

Ulinganisho sahihi uko chumba cha walimu. Mtaaluma huwapangia walimu wenzake vipindi vya mwisho vya Ijumaa, ambavyo hakuna anayevitaka, na yeye si bosi wao. Kama aliweza kufanya hivyo kwa miaka mitano bila ugomvi kufika kwa mkuu wa shule kila wiki, ana kitu ambacho hata mwenye stashahada ya usafirishaji anaweza kuwa hana. Wasifu kazi hausemi kama aliweza. Hilo ni swali la usaili.

## Kupima uzito wa ushahidi

Kulingana kwa mstari na shughuli si uthibitisho. Wasifu kazi umeandikwa na mwenyewe, na kitenzi kimoja huweza kubeba mambo mengi. "Kuandaa ratiba" inaweza kumaanisha kuifikiria kuanzia mwanzo, kuiingiza katika programu ya kompyuta inayopanga yenyewe, kuinakili ya mwaka jana na kubadili majina, au kukaa katika kamati ambayo mtu mwingine aliifanya kazi.

Kwa sababu hiyo wasomaji makini hutenga madaraja matatu. La kwanza ni mstari unaotaja kitendo, ukubwa wake na tokeo, kama ule wa mikondo 16 na walimu 34. Ukubwa una faida kwa sababu unaweza kukaguliwa: idadi ya mikondo na walimu ikikataa kuingiana kihesabu, kuna jambo la kuuliza. La pili ni mstari unaotaja kitendo bila ukubwa, kama ule wa ukatibu wa chama cha akiba na mikopo. Katibu wa chama cha watu 15 anayeandika mihutasari na katibu wa chama cha watu 400 anayefuatilia marejesho ni watu wawili tofauti. La tatu ni stadi iliyotajwa kwa jina tu.

Kuna pia upande wa pili wa kosa, nao hauzungumzwi sana. Msomaji aliyefurahia ugunduzi wake, hasa kama naye aliwahi kubadili fani, huanza kuona ulinganifu kila mahali. Kila mtu amewahi kupanga jambo, kuzungumza na watu na kutunza kumbukumbu. Kipimo rahisi ni kuuliza kama maelezo hayohayo yangemfaa mwombaji yeyote mwenye akili timamu. Kama jibu ni ndiyo, hakuna stadi iliyopatikana. Kipimo kingine ni kumwomba msomaji wa pili afanye ulinganisho wake peke yake bila kuona wa kwanza. Pale wanapotofautiana sana, mara nyingi mmoja amefuata maneno na mwingine amefuata kitendo.

Mapengo nayo huandikwa waziwazi. Kwa mtaaluma huyu ni matatu. Hajui sheria za uzito wa mizigo barabarani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kikomo cha tani 56 kwa uzito wote wa gari pamoja na mzigo, mbali na vikomo vya kila ekseli. Hajui gharama: lori linalorudi tupu kutoka Tanga linakula mafuta bila kuingiza kitu, na katika ratiba ya shule hakuna kinachofanana na hilo. Tatu ni mwendo wa saa, uliokwisha kutajwa. La kwanza hufundishika kwa wiki chache, na mizani za barabarani hulikumbusha haraka. La pili huchukua miezi. La tatu halijulikani mpaka ajaribiwe.

## Kutoka kwenye karatasi hadi usaili

Usomaji mzuri hauishii kwenye alama ya ndiyo au hapana. Huishia kwenye maswali. Kwa kila ulinganifu ulioonekana, msomaji huandika swali moja ambalo aliyefanya kazi atalijibu kwa kina na asiyefanya atalizunguka. Kwa ratiba, swali linaweza kuwa: muhula wa mwisho ni sharti gani lilikusumbua zaidi, na mwishowe ulimnyima nani nini? Aliyepanga kweli atamkumbuka mwalimu wa Fizikia aliyekuwa peke yake na mikondo minane, na atasema alichoamua. Aliyenakili atazungumzia umuhimu wa kushirikisha wadau.

Tafiti za uteuzi wa wafanyakazi zinaunga mkono hatua hii. Mapitio ya Frank Schmidt na John Hunter ya mwaka 1998, yaliyokusanya matokeo ya miaka 85 ya tafiti, yalionyesha kuwa idadi ya miaka ya uzoefu hutabiri utendaji kazini kwa udhaifu, ilhali jaribio la kazi yenyewe na usaili uliopangwa, wenye maswali yaleyale kwa wote, hutabiri vizuri zaidi. Uchambuzi mpya wa Paul Sackett na wenzake mwaka 2022 ulishusha makadirio mengi ya zamani, lakini usaili uliopangwa ulibaki juu ya orodha. Kwa anayebadili fani hii ni habari njema kiasi, kwani kipimo anachokosa ndicho dhaifu.

Jaribio la kazi yenyewe kwa mpanga safari halihitaji gari. Mwombaji hupewa karatasi yenye malori matano, matatu ya tani 10 na mawili ya tani 30, madereva sita ambao mmoja wao yuko mapumziko, na oda za kesho zenye jumla ya tani 84. Uwezo wa malori yote ni tani 90, hivyo mpango unawezekana lakini umebana. Baada ya robo saa anaambiwa kwamba lori moja la tani 10 limeharibika Chalinze likiwa njiani kurudi, na kesho halitatoka. Uwezo sasa ni tani 80. Tani 4 haziwezi kwenda kwa safari moja, na kuna haja ya kuamua: wakala wa Dodoma asubiri siku moja, au lori la Kibaha lirudi mapema na kutoka mara ya pili?

Jibu lenyewe si la maana sana kuliko njia. Wanaofaa huuliza kwanza kinachokosekana kwenye karatasi, kwa mfano ni wakala gani amebakiwa na bidhaa kidogo. Hugusa safari chache na kuziacha nyingine zilivyo, kwa kuwa kila badiliko ni simu kwa dereva na utingo waliokwisha kujiandaa. Wasiofaa huuvunja mpango wote na kuanza upya, jambo linalokubalika kwa ratiba ya muhula na lisilowezekana ghalani saa kumi na mbili asubuhi. Alama za kila tabia huandikwa kabla ya jaribio kuanza, na jaribio hilohilo hupewa waombaji wote wa orodha fupi, wakiwemo wenye stashahada ya usafirishaji. Bila hivyo mwalimu angekuwa amepimwa kwa mizani ya peke yake, na ushindi au ushindwa wake usingelinganishwa na wa mtu yeyote.

Anayefaulu jaribio hilo bado huanza kazi akiwa nyuma katika mambo ya uzito na gharama. Kampuni zinazoajiri kwa njia hii kwa kawaida humweka kwa wiki kadhaa kando ya mpangaji mwingine au msimamizi wa ghala, na humpa kwanza njia fupi kama za Kibaha na Morogoro, ambako kosa la leo linaweza kusahihishwa leo.